Basi ambalo halikuwa darajani: barua ya mhariri kwa wasomaji

Wasomaji wetu wapendwa,

Picha ya basi lililoning'inia kwenye ukingo wa daraja lililokatika, ambayo tuliichapisha Jumatano usiku na ambayo wengi wenu mmeisambaza tangu hapo, imeghushiwa. Daraja lilikatika kweli. Basi halikuwapo. Nimekuwa mhariri wa chumba hiki cha habari kwa miaka mingi, na ni mimi niliyetoa ruhusa ya mwisho ya kuichapisha, kwa hiyo ni wajibu wangu kuwaeleza jinsi ilivyotupita na jinsi tulivyoutambua uongo wake, kwa ukamilifu unaowawezesha kukagua hoja zetu wenyewe bila kulazimika kutuamini tu.

Picha ilitufikia jioni, muda mfupi baada ya habari za kukatika kwa daraja kuthibitishwa. Mwandishi wetu alikuwa amezungumza kwa simu na msimamizi wa kazi za barabara, naye akasema wazi kwamba maji yamebeba sehemu ya katikati ya daraja na kwamba njia imefungwa. Dakika chache baadaye picha ikaingia katika simu ya dawati, ikitumwa na msomaji anayetuandikia mara kwa mara. Kabla hatujamaliza kuitazama, watu wengine wawili wakatuma picha hiyo hiyo. Tuliwahesabu hao watatu kama mashahidi watatu. Ukweli ni kwamba wote walikuwa wameipokea kutoka katika makundi ya WhatsApp, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amefika mtoni. Dawati lilimuuliza wa kwanza, "Picha hii ni ya leo?" naye akajibu kwamba ndiyo, kwa sababu aliipokea leo. Hatukumuuliza kama ndiye aliyeipiga.

Kulikuwa na jambo jingine lililotutuliza isivyostahili, nalo ni jina la faili. Lilisomeka IMG-20240417-WA0012.jpg, na tarehe iliyo ndani ya jina hilo ilikuwa ya siku ile ile. Mhariri kijana wa dawati alinionyesha jina hilo kama uthibitisho, nami nikakubali. Simu nyingi zinapohifadhi picha iliyopokelewa kwa WhatsApp huipa jina jipya, na tarehe inayoandikwa humo ni ya siku picha ilipofika katika simu. Picha iliyopigwa miaka kumi iliyopita, ukitumiwa leo, itabeba tarehe ya leo. Zaidi ya hayo, picha inapopita njia hiyo kwa kawaida hupunguzwa ukubwa na kuvuliwa taarifa ambazo kamera huandika ndani ya faili, yaani saa ya kupigwa, aina ya kamera na wakati mwingine mahali penyewe. Tulikuwa na faili lisiloeleza chochote kuhusu asili yake, nasi tukalisoma kana kwamba limeeleza.

Ukaguzi mmoja tuliufanya, na nauandika hapa kwa sababu ndio uliotudanganya kuliko kukosa ukaguzi kabisa. Tuliipeleka picha nzima katika mtambo wa kutafuta picha zinazofanana mtandaoni. Matokeo yote yalikuwa nakala za saa chache zilizopita. Tukahitimisha kwamba kwa kuwa haikuonekana popote kabla ya siku hiyo, basi ni mpya. Mtambo wa namna hiyo unaweza kukuonyesha kwamba picha ni ya zamani ikiwa itapatikana, lakini hauwezi kukuhakikishia kwamba ni mpya kwa sababu tu haikupatikana. Picha iliyounganishwa kutoka katika picha mbili ni kitu kipya kama kitu kizima, hivyo hakuna mahali ambapo ingekuwa imewahi kuonekana. Tulipaswa kuitafuta vipande vipande.

Tuliichapisha saa mbili na dakika arobaini usiku. Ilipofika saa nne, simu ya chumba cha habari ilikuwa haitulii.

Ujumbe uliotuamsha ulifika alfajiri kutoka kwa msomaji aliyejitambulisha kuwa dereva wa mabasi. Aliandika: "Ndugu Mhariri, mlango wa abiria wa basi lile uko upande usio wake. Hapo unapouona mlango ndipo dereva anapokaa." Nilifungua picha nikaitazama upya, na nakiri kwamba ilinichukua muda kuelewa alichomaanisha. Katika picha, pua ya basi inaelekea kulia kwetu, kwenye pengo la daraja. Gari linaloelekea kulia kwa mtazamaji linamwonyesha ubavu wake wa kulia. Katika nchi ambamo magari hupita upande wa kushoto wa barabara, kama ilivyo mahali daraja hilo lilipo, dereva huketi kulia na abiria huingilia kushoto. Ubavu tuliokuwa tukiuona ulipaswa kuwa na dirisha la dereva mbele, lakini ulikuwa na mlango mrefu wa abiria wenye ngazi mbili na kishikio cha chuma. Ama basi lilitengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine, ama picha yake ilikuwa imegeuzwa kama inavyogeuka sura katika kioo.

Tuliamua kupima dhana ya pili. Mhariri wa picha alilikata basi peke yake, akaacha daraja na mto, akakigeuza kipande hicho kirudi upande wa pili, kisha akakitafuta. Mara hii basi likapatikana. Lilikuwa katika picha ya ajali iliyotokea miaka kadhaa kabla, katika nchi nyingine ambayo nayo magari yake hupita kushoto, likiwa limeinamia mtaro wa barabara mahali pasipo na mto wala daraja. Michubuko iliyokuwa juu ya gurudumu la mbele ilikuwa ile ile, pazia lililotoka nje kupitia dirisha la tatu lilikuwa lile lile, na kioo cha mbele kilikuwa na ufa ule ule wenye umbo la tawi. Tofauti ilikuwa moja iliyotufundisha mengi: katika picha ya asili, ubavuni mwa basi kulikuwa na maandishi makubwa yanayosomeka vizuri, ilhali katika picha tuliyochapisha mahali hapo palikuwa na utando wa rangi uliovurugika, ambao usiku ule tuliudhani kuwa matope. Aliyeghushi alipoligeuza basi, herufi zake ziligeuka pia, na zingemfichua kwa mtu wa kwanza anayejua kusoma. Ndiyo maana alizifuta.

Kwa nini aligeuze basi na kujipa kazi ya kufuta maandishi? Kwa sababu katika picha ya asili pua ilielekea kushoto, na pengo la daraja lilikuwa kulia. Bila kuligeuza, basi lingeonekana limesimama likilipa pengo mgongo, na hofu yote ya picha ingetoweka. Lakini kwa kuligeuza aligeuza pia mwanga ulioliangukia, na hapo ndipo tulipopata ushahidi ambao hautegemei mtu kuifahamu picha ya zamani.

Naomba mnivumilie nieleze jambo la vivuli kwa urefu kidogo, kwa kuwa watu wengi wanaojaribu kulitumia hulikosea, nasi tulikuwa miongoni mwao. Jicho la binadamu ni hakimu dhaifu wa vivuli. Mtu hutazama vivuli viwili vilivyolala chini, akaona kimoja kimeelekea huku na kingine kule, akasema picha ni ya uongo. Ardhi ikiwa na mteremko au mashimo, vivuli halali kabisa hupinda na kutofautiana, na hata penye ardhi tambarare umbali hufanya vivuli vinavyokwenda sambamba vionekane vinakutana au kuachana. Ulalo wa kivuli, kwa hiyo, si kipimo. Kipimo ni mstari unaounganisha nukta fulani ya kitu na nukta ile ile katika kivuli chake, kwa mfano ncha ya nguzo na ncha ya kivuli cha nguzo. Mwanga husafiri kwa mstari mnyoofu, hivyo jua, ncha ya nguzo na ncha ya kivuli chake lazima viwe katika mstari mmoja, hata kama kivuli kimeangukia mteremko, ukuta au mgongo wa ng'ombe. Na kwa kuwa jua ni moja, mistari yote ya namna hiyo katika picha moja lazima ikutane katika nukta moja, ambayo mara nyingi huwa nje ya fremu. Jua likiwa ubavuni kabisa mwa kamera, mistari huwa sambamba. Jua likiwa mbele ya mpiga picha, mistari hukutana juu, pale jua lilipo. Likiwa nyuma yake, hukutana chini, mahali ambapo kivuli cha kamera yenyewe kingeangukia.

Mhariri wa picha alichapa picha yetu kwenye karatasi kubwa, akaibandika katikati ya karatasi nyeupe pana zaidi, akachukua rula na penseli. Kingo za daraja zilikuwa na nguzo fupi zinazofuatana, na tano kati yake zilikuwa na ncha na kivuli vinavyoonekana bila utata. Alichora mistari mitano kutoka katika kila ncha kupitia ncha ya kivuli chake, akaiendeleza hadi nje ya picha. Ilikutana chini upande wa kulia, katika eneo dogo ambalo ungelifunika kwa kidole gumba. Daraja, basi, lilipigwa jua likiwa nyuma ya mpiga picha, kushoto kwake. Kisha akaenda kwenye basi. Kulikuwa na kioo cha pembeni kilichochomoza kwenye mkono wa chuma, na kivuli chake kilikuwa kimeangukia ubavu wa basi. Kulikuwa pia na kishikio cha mlango chenye kivuli kifupi lakini kikali. Mistari hiyo miwili ilishuka upande wa kushoto. Haikukaribia hata kidogo eneo la ile mitano. Basi na daraja havikuwa vimemulikwa na jua la wakati mmoja.

Lau basi lingeachwa lilivyokuwa katika picha yake ya asili, vivuli vyake vingeshuka kulia na huenda vingekaribiana na vya daraja kiasi cha kutuachia shaka.

Baada ya hapo, mengine yalijitokeza yenyewe. Lililonisumbua zaidi, kwa kuwa halikuhitaji rula wala ujuzi wowote, ni madirisha. Basi lina madirisha pande zote mbili, kwa hiyo anayelitazama kwa ubavu huona kupitia humo kilicho nyuma yake. Nyuma ya daraja kulikuwa na maji ya rangi ya udongo na ng'ambo yenye miti. Ndani ya madirisha ya basi kulikuwa na anga jeupe lisilo na kitu na kipande cha nguzo ya umeme. Aliyelikata basi alifuata mzingo wake wa nje kwa uangalifu mkubwa, lakini vioo alivibeba pamoja na ulimwengu uliokuwa ng'ambo yake. Maelfu ya watu, nikiwamo mimi, tuliitazama nguzo hiyo bila kuiona, kwa sababu macho yetu yalikuwa yanatafuta abiria.

Kuna uthibitisho mmoja ambao tuliukataa ingawa ulikuwa upande wetu, na ningependa mjue sababu. Mwenzetu mmoja aliipitisha picha katika programu inayoonyesha ni sehemu zipi za faili la JPEG zimebanwa tofauti na nyingine, akatuletea taswira nyeusi ambamo basi liling'aa kama taa. Ilishawishi sana, na ingependeza kuichapisha. Lakini nguzo za daraja nazo ziling'aa kwa kiasi, na matawi ya miti ng'ambo pia, kwa sababu kipimo hicho huitikia kingo kali na michoro myembamba hata pale ambapo hakuna mtu aliyegusa kitu. Tena, JPEG huibana picha kwa kuigawa katika vijisanduku vya pikseli 8 kwa 8, na kila mara picha inapohifadhiwa upya na kutumwa tena, mbano mpya hufunika alama za ule wa zamani. Nakala yetu ilikuwa imepita katika mikono isiyohesabika. Kipimo ambacho kingeweza kuitia hatiani hata picha ya kweli hatukuona haki kukitumia, hata tulipokuwa tunajua tayari kwamba picha hii ni ya uongo.

Kilichofunga mjadala kilikuwa kitu cha kawaida kabisa. Mwandishi wetu alimrudia yule msimamizi wa barabara na kumuuliza kama kuna yeyote katika kikosi chake aliyepiga picha jioni ile. Alikuwapo fundi mmoja aliyepiga picha 14 kwa ajili ya ripoti yao, akatuma moja katika kundi la kazi, na kutoka hapo ikasambaa. Tulimwomba asitutumie kwa WhatsApp. Alikuja mwenyewe na simu yake, nasi tukanakili mafaili kwa waya. Yote yalikuwa na taarifa za kamera zilizokamilika na namba zinazofuatana bila kuruka. Picha ya sita, iliyopigwa saa kumi na dakika hamsini na mbili jioni, ilikuwa ndiyo picha yetu: wingu lile lile, gogo lile lile lililonasa kwenye nguzo ya daraja, mtoto yule yule mwenye kofia pembeni kushoto. Mahali palipokuwa na basi palikuwa na lami iliyopasuka na utepe mwekundu wa kuzuia watu. Katika ya tano, iliyopigwa sekunde chache kabla, na ya saba, iliyofuata, hapakuwa na basi pia.

Udanganyifu wa namna hii, wa kuunganisha picha mbili za kweli, ulikuwapo katika vyumba vya habari kabla ya simu hizi. Mwaka 2003 mpiga picha Brian Walski wa gazeti la Los Angeles Times aliunganisha picha mbili alizozipiga mwenyewe karibu na Basra, Iraki, ili apate moja iliyo nzuri zaidi. Ilichapishwa, na ikagunduliwa kwa sababu baadhi ya watu waliokuwa nyuma walionekana mara mbili. Alifukuzwa kazi. Nilikuwa nikiisimulia habari hiyo kwa waandishi chipukizi kama funzo kuhusu mpiga picha asiye mwaminifu. Wiki hii nimetambua kwamba nilikuwa naisimulia nusu, kwa maana ilipita pia machoni pa wahariri, nao waliiona nzuri kama mimi nilivyoiona hii.

Tulichokuwa tumethibitisha Jumatano usiku ni habari ya daraja. Picha tuliibeba mgongoni mwa habari hiyo, tukaona kwamba kwa kuwa tukio ni la kweli, taswira inayolihusu nayo ni ya kweli. Tangu Ijumaa dawati halipokei picha ya tukio bila kuandika jina la aliyesimama na kamera mahali penyewe, na ikiwa aliyetuma si yeye, picha inasubiri hadi apatikane. Tunaomba pia faili la asili pamoja na picha iliyotangulia na iliyofuata, kwa sababu mtu anaweza kuhangaika usiku kucha kuirekebisha picha moja, lakini ni wachache wanaokumbuka kurekebisha na jirani zake. Najua jambo hili litatuchelewesha. Kuna usiku ambao wengine watakuwa na picha nasi hatutakuwa nayo.

Picha ya uongo hatukuiondoa kimyakimya. Imebaki mahali pake ikiwa na neno IMEGHUSHIWA limeandikwa juu yake toka pembe hadi pembe, na chini yake ipo picha ya sita ya fundi. Masahihisho yameandikwa juu kabisa ya habari, yakiwa na saa tuliyokosea na saa tuliyorekebisha. Tumewatumia taarifa wale wote waliokuwa wamepokea ile ya kwanza kupitia simu zao.

Usiku wa Jumatano mwanamke mmoja alitupigia simu mara nne. Kaka yake alikuwa safarini kwa basi kupitia njia hiyo na simu yake haikuwa ikipatikana. Aliniuliza jina la kampuni ya basi lililo katika picha, nami nikamjibu kwamba maandishi hayasomeki kwa sababu ya matope. Alikaa macho hadi asubuhi akiikuza picha hiyo kwenye simu yake, akitafuta herufi ambazo mtu alikuwa amezifuta kwa makusudi. Kaka yake alikuwa amelala katika kituo cha mji wa kabla ya mto, simu ikiwa imeishiwa chaji.

Nilimpigia Alhamisi adhuhuri nikamweleza yote niliyowaeleza ninyi, nikamwomba radhi. Hakunijibu kwa muda. Kisha akauliza, "Sasa niifute?" Nilimwambia, dada yangu, kabla hujaifuta, naomba upeleke masahihisho haya katika kila kundi ulikoituma. Jioni alinitumia orodha ya makundi hayo. Yalikuwa saba, na mbele ya kila jina alikuwa ameandika saa aliyopeleka.